Jina la Kwenye Debe

Damari alikuwa mtu wa kusema pole pole na kukasirika pole pole, lakini akishakasirika, hata wale waliomzidi umri walitafuta shughuli nyingine ya kufanya. Pale kijijini Mitundu walimwita mama Leah. Mume wake, Laurian, alikuwa mrina asali, na alikufa kwa kuanguka mtini akiwa ameshika kamba ya mzinga mkononi. Alimwachia Damari mizinga arobaini ya magome, binti mmoja, na mama mkwe aliyeitwa Kristina, ambaye macho yake yalikuwa bado yanaona vizuri lakini hayakuwahi kujifunza kusoma.

Ilikuwa mwaka 1971. Damari mwenyewe alijua kusoma kwa muda wa miezi kumi tu, tangu alipojiunga na darasa la watu wazima la mwalimu Philipo. Alisoma kila alichokiona: mifuko ya chumvi, matangazo ya mkutano, hata gazeti kuukuu lililofungiwa sukari. Kusoma kulimpa kiburi kidogo, na hakukificha.

Wenzake wanne walimfanya katibu kwa sababu hiyo. Walikuwa wameamua kuuza asali yao pamoja badala ya kila mtu kuipeleka kwa mfanyabiashara wa Itigi, aliyewapangia bei apendavyo. Wa kwanza wao alikuwa mzee Bonifasi, mwenye mizinga mingi kuliko wote na ghala lenye mlango wa mbao. Wa pili Mazengo, mpwa wake, kijana wa nguvu asiyepinga neno la mjomba. Wa tatu Antipasi, mchonga mizinga, mtu wa maneno machache, mwenye baiskeli. Wa nne Marietha, aliyekaa Itigi na kuuza asali kwa abiria treni ikisimama, mwanamke mwenye ulimi ambao ungeweza kukata kuni. Wa tano Damari.

Mnunuzi mmoja wa Dodoma alikubali kuchukua madebe yao, ila kwa sharti kwamba kila debe liwe na jina. Alisema hataki tena asali isiyo na mwenyewe, maana mara ya mwisho aliletewa uji wa sukari. Afisa ushirika naye alikuwa anapita Ijumaa kuchukua fomu ya kuwaandikisha, na kwenye fomu palikuwa na mstari mtupu uliosubiri jina hilohilo. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Walikutana ghalani kwa mzee Bonifasi. Yeye alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, wengine wakakaa juu ya madebe.

"Jina ni jambo dogo," alisema. "Tuite Bonifasi na Wenzake. Mnaokubali nyoosheni mikono."

Akanyoosha wake kwanza. Wa Mazengo ukafuata kabla ule wa mjomba haujatulia hewani. Kisha mzee akamgeukia Antipasi na kumtazama tu, bila kusema kitu, na mkono wa Antipasi ukapanda taratibu, ukaishia usawa wa sikio.

"Watatu," alisema Bonifasi. "Limekwisha."

Damari alihisi damu inapanda usoni. Na hapa nisimsifu kupita kiasi. Ni kweli aliona kwamba kura ile ilikuwa na walakini, lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa kingine. Siku ya matanga ya Laurian alikuwa amemshika mama mkwe mikono na kumwambia, "Mama, siku tukipata kuuza asali yetu wenyewe, jina la Laurian litaandikwa juu ya debe." Mama Kristina hakusahau. Kila Damari alipotoka kwenda kikaoni, aliulizwa habari za lile jina. Asubuhi ile ile alikuwa ameulizwa.

"Mzee, samahani," alisema. "Mimi sijasikia jina lingine lolote likitajwa. Tumechagua kati ya nini na nini?"

"Una jina lingine?"

"Ninalo. Laurian. Ndiye aliyetundika mzinga wa kwanza kwenye msitu ule, na kila mmoja hapa alijifunza kwake."

Mzee Bonifasi alivua kofia, akaifuta, akaivaa tena. Alisema Laurian alikuwa mtu mwema na Mungu amrehemu, lakini marehemu hana mzinga, na mizinga sitini iliyomo msituni ni yake Bonifasi. Kama jina lake halitoshi kukaa juu ya debe, basi mizinga yake nayo haitoshi kuwa ndani ya ushirika, na ghala hili lina ufunguo mmoja. Marietha akasimama, akafunga khanga yake kiunoni, akasema kwamba yeye hakutoka Itigi kuja kuwa "mwenzake" wa mtu, na kwamba yule mfanyabiashara bado anamhitaji pale stesheni. Kila mtu akatoka na njia yake.

Damari alitembea kuelekea nyumbani. Ushirika uliowachukua mwaka mzima kuuanza ulikuwa unavunjika kwa sababu ya maneno mawili matatu ya kupaka rangi. Bila mizinga ya Bonifasi wasingetimiza hesabu ya mnunuzi, na bila Marietha hawakuwa na mtu wa kuwauzia. Angerudi palepale, kusimama mlangoni kwa yule mtu wa Itigi na kusubiri aambiwe asali yake ni chafu.

Antipasi alimkuta njiani akiwa anasukuma baiskeli. Walitembea pamoja kitambo.

"Sikulitaka lile jina," alisema hatimaye.

"Mkono nimeuona, Antipasi."

"Mtu nimemwamkia shikamoo asubuhi ile ile, mama Leah. Ananitazama usoni. Ningeuweka wapi huo mkono?"

Damari alisimama. Alitaka kumcheka, lakini hakuweza, maana alijua kwamba hata yeye, kama si hasira, angeunyoosha. Hakuna aliyefundishwa kumkatalia mzee mbele ya watu. Kura ile haikuwa ya watatu. Ilikuwa ya mtu mmoja mwenye mikono mitatu.

Jumatano mchana, darasa lilipokwisha, alibaki nyuma na kumweleza mwalimu Philipo. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba kutoka Kiomboi, mwenye chaki hata nyusini. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kosa lenu si moja," alisema. "Mmepiga kura kwa macho ya watu, na mmepiga kura kabla ya kukubaliana jina zuri likoje. Ukishataja jina, kila mtu analitetea kama mtoto wake. Anzeni na vipimo. Kubalianeni jina lenu lazima liwe na nini, na lisiwe na nini, kabla mtu hajataja jina lolote. Kisha mtaje. Litakaloshindwa kipimo litoke, hata kama ni la nani. Yatakayobaki myapigie kura ya siri."

"Na wasiojua kuandika?"

"Una mahindi nyumbani? Una maharage?"

Kumleta mzee Bonifasi darasani ndiyo ilikuwa kazi. Damari alikwenda kwake Alhamisi alfajiri, akamwamkia, akakaa chini. Hakumwambia kwamba kura yake ilikuwa mbovu. Alimwambia afisa anakuja kesho, na fomu isiyojazwa itarudi wilayani Manyoni ikiwa tupu, na watu watasema wazee wa Mitundu wameshindwa na mstari mmoja wa karatasi. Mzee alitafuna mswaki wake kwa muda mrefu.

"Nitakuja kusikiliza," alisema. "Sijasema nitakubali."

Mchana ule walikaa watano kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwagonga videvuni. Mwalimu Philipo alisimamia, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba yeye hana kura. La pili lilikuwa gumu zaidi. Aliwataka wakubali, kabla ya kuanza, kwamba jina litakaloshinda litakuwa la wote, na aliyeshindwa hatalikejeli njiani wala kuondoa mzinga wake. Kila mmoja aweke dole gumba lake kwenye karatasi.

Marietha akaweka. Antipasi akaweka. Mazengo akamtazama mjomba wake. Mzee Bonifasi alikitazama kile kidau cha wino kana kwamba kina nyuki ndani, kisha akasema, "Nikijua vipimo kwanza."

"Ni haki yako," alisema mwalimu. "Basi tuanze na vipimo, dole gumba baadaye. Lakini kabla ya majina."

Kipimo cha kwanza alikileta Antipasi, na kilipita bila ubishi. Fundi bati wa Itigi, anayekata herufi kwenye kipande cha bati ili wapakie rangi juu yake, alisema mfuniko wa debe unabeba herufi kumi, zaidi ya hapo zinakuwa ndogo hazisomeki. Cha pili kilikuwa cha Mazengo, na watu walishangaa kusikia sauti yake. Alisema jina lisiwe linatumiwa tayari na muuzaji mwingine, maana mwenzake wa Manyoni alirudishiwa mzigo kwa kosa la mtu mwingine mwenye jina kama lake. Hicho nacho kikaandikwa ubaoni.

Ndipo Marietha akasema, "Lisiwe jina la mtu. Aliye hai au aliyekufa. Wala la ukoo."

Damari akamgeukia haraka.

"Sababu?" aliuliza mwalimu.

"Mimi ndiye niliye na wateja. Debe likivuja, mteja atauliza huyu bwana ni nani, yuko wapi nimshike shati. Na kesho huyo bwana akitugombeza akaondoka, madebe yenye jina lake tutayafanyia nini? Sisi tumeweka jasho watano. Tukiandika mmoja, wanne tumekuwa vibarua."

"Mizinga mingi ni ya nani?" alisema Bonifasi, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Kila siku mnasema sote sawa, sote sawa. Ghala la nani? Mvua ikinyesha mnaegesha wapi asali yenu?"

Mazengo akaitikia kwa kichwa. Antipasi akatazama kucha zake. Mwalimu alisema kipimo chenye ubishi nacho kinapigiwa kura, na kwa siri. Akampa kila mmoja punje moja ya hindi na punje moja ya haragwe. Hindi ni kukubali kipimo kiwepo, haragwe ni kukataa. Nyuma ya ubao aliweka kibuyu chenye mdomo mwembamba, na pembeni yake chungu chenye mfuniko uliotobolewa. Punje ya kura iingie kibuyuni, ile nyingine itupwe chunguni, ili mtu asitoke na kitu mkononi cha kumsema.

Walikwenda mmoja mmoja. Damari alikuwa wa mwisho.

Nyuma ya ubao palinuka chaki na vumbi. Alifungua kiganja akazitazama zile punje mbili, na hesabu ikajifanya yenyewe kichwani mwake. Mjomba na mpwa wamekataa. Marietha amekubali. Antipasi, kwa mara ya kwanza bila kutazamwa usoni, bila shaka amekubali. Mbili kwa mbili. Kilichobaki kilikuwa mkononi mwake.

Akitia haragwe, kipimo kinakufa, na jina la Laurian linaweza kutajwa tena. Angeweza kuwashawishi. Antipasi alimpenda Laurian. Lakini mlango ule ule ungemfungulia Bonifasi, na wangerudi ghalani, jina kwa jina, mtu kwa mtu, mpaka mmoja awe bwana na wengine wenzake. Akitia hindi, anaua la Bonifasi. Na anaua la mume wake kwa mkono wake mwenyewe, mkono ule ule aliomshikia mama Kristina siku ya matanga.

Alisimama pale mpaka akasikia Marietha akikohoa. Alitaka kulia na hakutaka kulia darasani. Alimwomba Laurian msamaha kimoyomoyo, kwa Kigogo, kwa jina alilomwita wakiwa wawili tu. Kisha akatia hindi kibuyuni, na haragwe akalitupa chunguni haraka, kama kitu cha moto.

Mwalimu alimimina kibuyu mezani mbele ya wote. Mahindi matatu, maharage mawili.

Mzee Bonifasi aliyahesabu kwa kidole, mara mbili. Halafu akainua macho, na hakumtazama Antipasi wala Marietha. Alimtazama Damari. Yeye pia alikuwa amefanya hesabu, na alijua vizuri ni jina gani lingine limezikwa pale mezani. Damari hakukwepesha macho. Mzee akavuta kidau cha wino, akaweka dole gumba kwenye karatasi kwa nguvu hata wino ukatapakaa. Mazengo akafuata. Damari aliandika jina lake kwa herufi.

Baada ya hapo ndipo majina yakaja. Kila mtu alimnong'oneza mwalimu jina moja sikioni, naye akayaandika ubaoni kwa mpangilio wake, bila kusema la nani ni lipi. Yalikuwa matano: Umoja, Asali Mitundu, Nyuki Wetu, Mzinga, na Myombo, ule mti wa msitu wao ambao maua yake nyuki huyapenda. Umoja lilitoka palepale, Marietha alimjua muuzaji mwenye jina hilo. Asali Mitundu walilihesabu herufi, wakapata kumi na mbili, likafutwa. Mtu mmoja aliguna, na hakuna aliyejua kama ndiye mwenyewe au anajificha.

Matatu yaliyobaki waliyapima kwa mawe madogo. Je, linatamkika kwa Mgogo, kwa Mnyaturu, kwa Mkimbu na kwa abiria asiyetujua? Hicho walikubaliana kihesabiwe mara mbili, kwa kuwa treni haisimami kumsubiri mtu anayejiuma ulimi. Je, linaonyesha kilichomo? Je, litafaa hata wakianza kuuza nta? Kwa kila swali mtu aliweka jiwe moja mpaka matatu kwenye kopo la kila jina, nyuma ya ubao kama kwanza. Mwalimu alihofia kila mtu atalijazia lake, kisha akasema acha wajazie, kura ya mwisho itanyoosha. Nyuki Wetu likabaki nyuma, kwa kuwa mteja angedhani ndani mna nyuki. Mzinga na Myombo yakapishana kwa mawe mawili tu.

Mzinga lilikuwa la Damari. Alikuwa amelinong'oneza akimfikiria Laurian akikunja magome juani, na alijiambia kwamba hilo si jina la mtu, kipimo hakimkatazi.

Kura ya mwisho ilikuwa tena ya punje: hindi ni Mzinga, haragwe ni Myombo. Safari hii hakuweza kufanya hesabu. Hakujua nani amesema nini, na kutojua kule kulimkosesha raha kuliko ubishi wote wa Jumatatu. Mwalimu alimimina. Mahindi mawili. Maharage matatu.

"Myombo," alisema mwalimu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Bonifasi alisimama, akakung'uta suruali, akalisema lile jina kwa sauti ndogo mara moja kama mtu anayeonja chumvi. "Fundi bati asikate herufi nyembamba," alimwambia Antipasi. "Rangi itavuja." Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa ghala na kumpa Damari. Alisema katibu ndiye akae nao, maana afisa atakuja mapema. Damari akaufunga kwenye pindo la khanga.

Ijumaa aliijaza fomu. Herufi sita, kwa mwandiko wa miezi kumi. Wiki mbili baadaye Antipasi alirudi na bati la fundi, wakapaka madebe ya kwanza, na Damari akabeba moja kichwani mpaka nyumbani, kwa kuwa jambo ambalo alikuwa amelikwepa siku zote hizo halikukwepeka tena. Mama Kristina alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta, akichambua karanga. Leah alimsaidia mama yake kulishusha debe.

Bibi aliweka ungo pembeni. Alisogea, akapitisha vidole juu ya mfuniko, juu ya rangi nyeusi, herufi moja baada ya nyingine.

"Nisomee, mwanangu," alisema. "Imeandikwaje hapa?"

Hakuna kitu ambacho kingekuwa rahisi zaidi. Neno moja tu. Bibi asingejua mpaka kufa kwake, na majirani wasiojua kusoma walikuwa wengi kuliko wanaojua. Alimwona Leah amemkodolea macho, Leah aliyekuwa darasa la tatu na anayesoma kuliko yeye.

"Imeandikwa Myombo, mama," alisema. "Si jina lake. Tulikubaliana lisiwe jina la mtu yeyote. Na kati ya kura zilizolikataa, mojawapo ni yangu."

Mama Kristina hakuondoa mkono. Vidole vyake vilibaki juu ya herufi ya mwisho, na Damari akasubiri, akiwa tayari kwa lolote, hata kufukuzwa.

"Na la Bonifasi," aliuliza bibi, "lipo?"

"Halipo, mama."

"Hata kwa chini? Hata dogo?"

"Hata dogo."

Bibi akavuta ungo wake, akaupakata tena.

"Leah," alisema, "mletee mama yako kata, tuonje."